Dean na Barua Zake Elfu Moja Mia Saba

Phylis Kamene aliajiriwa katika Chuo cha Ualimu cha Enkare, nje kidogo ya Noonkopir, Kitengela, kupokea simu. Wakati huo simu ilikuwa mashine kubwa yenye vifungo na waya, na Kamene alikaa mbele yake siku nzima akiunganisha wazazi na walimu, walimu na wake zao, na mara nyingine walimu na watu ambao si wake zao. Alisikia mengi. Hakusema hata moja. Mashine ilipokufa na kila mtu akawa na simu mfukoni, chuo kilijiuliza kimpeleke wapi. Mkuu wa wakati huo akasema, "Si anajua mambo ya waya? Mpeleke kwa kompyuta."

Hivyo ndivyo Kamene, mwanamke wa miaka hamsini na miwili kutoka upande wa Masii, alivyoishia kusimamia seva ya barua pepe ya chuo. Alijifunza kwa kusoma vitabu vya wengine, kwa kuharibu na kutengeneza, na kwa kozi mbili za jioni alizozilipia mwenyewe. Ofisi yake ilikuwa chumba chenye upana wa kitanda, kilichotenganishwa na ofisi ya Mkuu kwa ubao mwembamba. Feni ya seva ilivuma humo kutwa kucha kama mbu mwenye madeni. Watu walimkumbuka tu kitu kinapoharibika. Hakikuharibika mara nyingi, kwa hiyo wengi walidhani hana kazi.

Jumatano moja, wiki ya mahafali, saa tano asubuhi, Mkuu wa chuo, Bwana Wanjala, aliingia bila kubisha. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuinua suruali kabla ya kusema jambo zito. Aliinua suruali.

"Mama Kamene, ile baraza ya vyuo imenipigia simu. Hawajapata zile karatasi za kusajiliwa upya. Nimezituma saa tatu!"

"Kwa email?"

"Kwa email. Wanataka kutoka kwa anwani ya chuo, si ya mtu binafsi. Na mwisho ni leo saa kumi na moja. Zikikosa kufika, mwaka ujao hatuna wanafunzi, na mimi na wewe tunauza matikiti kwa barabara ya Namanga."

"Za ndani zinafika?"

"Za ndani zinafika mpaka zinasumbua. Nimepata picha ya Dean mara tatu tangu asubuhi."

Kamene aliandika hilo kichwani. Mkuu aliendelea kusimama.

"Nimwite pasta wa chuo?" akauliza. "Leo kwa ibada aliomba dhidi ya roho ya ucheleweshaji."

"Mwache apumzike kidogo, bosi. Wacha kwanza niangalie foleni."

Foleni, kwa wasioijua, ni pale barua zinaposubiri kutoka. Ukituma barua kwa mtu wa nje, seva ya chuo huipeleka kwa seva ya upande ule. Wakiipokea, imekwisha. Wakiikataa kabisa, inarudi kwako na matusi ya kiingereza. Lakini wakisema "si sasa, jaribu baadaye," seva huiweka kando, huandika sababu, na kujaribu tena baada ya dakika kadhaa. Ikikataliwa tena hungoja muda mrefu zaidi, na hivyo hivyo hadi siku tano. Siku za kawaida Kamene hukuta barua sita, saba zikisubiri, nyingi zikiwa za watu walioandikia sanduku lililojaa.

Aliandika amri ya kuorodhesha foleni. Skrini ilianza kumiminika. Mistari ilipita juu kama ng'ombe wa Isinya wakivuka lami, haiishi, haikomi, mpaka Mkuu akajikuta ameinama kuitazama. Mstari wa mwisho ulitoa hesabu: barua elfu moja mia saba tisini na moja. Karibu giga nne na nusu.

"Yesu wa Nazareti," alisema Mkuu.

"Hajahusika bado," alisema Kamene.

Hakugusa kitu. Hilo alilijifunza kwa kuumia: kwanza soma sababu, ndipo unyooshe mkono. Alizipanga barua kulingana na sababu zilizoandikwa chini ya kila moja. Tisa zilikuwa sanduku la mpokeaji limejaa. Hizo zilikuwa marafiki wa zamani. Tatu zilikuwa za kampuni ambayo haijibu hodi, kwa sababu mtu fulani aliandika jina la anwani akiruka herufi, na seva ikaenda kugonga mlango usio na mwenyewe. Zilizobaki zote, elfu moja mia saba sabini na tisa, zilikuwa na neno moja kutoka kwa kampuni ileile kubwa ambayo karibu kila Mkenya mwenye simu ana anwani kwake. Lilianza na namba 421, na maana yake ilikuwa hii: tumeona barua nyingi kupita kawaida kutoka kwenu, tumewapunguzia mwendo, jaribuni baadaye.

"Baraza nao wako kwa hiyo kampuni?" aliuliza Mkuu.

"Jina ni lao, lakini sanduku limekodishwa huko. Ndiyo maana karatasi zako zimekwama na hizi zingine."

"Sasa nani ametuma barua elfu na kitu?"

Kamene alizipanga tena, safari hii kwa mtumaji. Sabini na moja zilikuwa za watu mbalimbali: mhasibu, maktaba, Mkuu mwenyewe. Elfu moja mia saba na nane zilikuwa za mtu mmoja. Kamene alisogeza kiti ili Mkuu ajisomee.

Dean wa wanafunzi, Morgan Mutinda, aliitwa. Alikuja akitabasamu, amevaa tai ya rangi ya machungwa, kwani alikuwa mtu wa kupenda kuonekana na hakuona sababu ya kulificha. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kualika wanafunzi wa zamani kwenye mahafali.

"Ni mwaliko tu," alisema. "Kila mtu na jina lake juu. 'Mpendwa Wambua,' 'Mpendwa Akinyi.' Nimetumia ile programu. Watu mia sita na arobaini, mbali na wafanyakazi wa hapa."

"Mia sita na arobaini si elfu moja mia saba," alisema Kamene.

Dean alitazama dari.

"Nilituma saa moja na dakika kumi. Hakuna mtu alinijibu. Saa moja na dakika arobaini nikatuma tena."

"Na ya tatu?"

"Saa mbili na dakika kumi. Lakini hiyo ilikuwa ya mwisho, haki."

"Ulitarajia watu wakujibu saa moja asubuhi?"

"Ni watu wangu," alisema Dean, kwa uchungu wa kweli.

Kila mwaliko ulibeba bango la mahafali, picha nzito ya megabaiti mbili, na robo tatu ya bango ilikuwa uso wa Dean Mutinda akitazama mbali, kana kwamba ameona mbele kazi ya ubunge. Mialiko mia mbili na kumi na miwili ya kwanza ilipita. Hapo wenye kampuni wakashtuka: seva ndogo ya Kitengela ambayo kwa siku hutuma barua arobaini, ghafla inamwaga mamia kwa dakika, zote zinafanana. Hata ungekuwa wewe ungefunga mlango.

"Sasa sukuma," Mkuu alimwambia Kamene. "Kuna hiyo ya kusukuma zote. Nimekuona ukiifanya."

"Nikisukuma zote sasa, tunagonga mlango wao mara elfu moja na mia saba. Wataona ni fujo ileile, watufungie zaidi. Mwenye nyumba akikuambia ungoje, hupigi teke mlango."

Akaandika amri nyingine, na barua zote za Dean zikashikiliwa, yaani zikakaa pale pale lakini zikaacha kujaribu kutoka. Kisha akapunguza mwendo kwa kampuni ile: muunganisho mmoja tu kwa wakati, na pumzi kati ya barua na barua. Akawaambia wote wawili watoke, kwa sababu joto la watu watatu na seva katika chumba kile lilikuwa linakaribia la kuoka mikate.

Saa sita na nusu alijaribu kusukuma barua moja tu, ile ya karatasi za usajili. 421. Akaiacha. Akala ndizi.

Saa nane kasoro, mlango ulifunguliwa polepole, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Aliyeingia alikuwa Madam Elsie Nalianya, msajili wa masomo. Kwa miaka kumi na mmoja Madam Elsie hakuwahi kukanyaga chumba kile. Alikuwa mwanamke mrefu wa Bungoma, mkali, aliyejua kanuni za chuo kwa namba za kurasa. Yeye ndiye aliyesema kwenye kikao, Kamene akiwa ameketi palepale, kwamba mtu asiye na digrii hawezi kuitwa msimamizi wa mifumo, na kwa sababu hiyo hati ya mshahara wa Kamene ilisema "mpokea simu" hadi leo, katika chuo kisicho na simu ya kupokea.

Alifunga mlango nyuma yake.

"Kamene, niko na shida."

"Karibu Madam. Kiti ni hiki kimoja, mimi nitasimama."

Hakuna aliyeketi.

"Nilituma email asubuhi. Saa mbili na dakika ishirini. Kwa mwenyekiti wa bodi."

"Mzee Saning'o."

"Mzee Saning'o. Amenipigia sasa hivi. Amenisalimia vizuri kwa Kimaasai, 'supa, supa', nikamjibu 'ipa'. Akaniuliza mambo ya ng'ombe wa mahafali, kama wawili watatosha. Akacheka. Hakusema kitu kuhusu barua. Kwa hivyo haijafika."

Kamene aligeukia skrini. Mstari ulikuwepo, katikati ya zile sabini na moja: msajili, kwenda kwa mwenyekiti, kilobaiti nane, 421. Foleni huonyesha bahasha tu. Kulikuwa na amri ya kufungua na kusoma ndani, na Kamene aliijua, na katika miaka yake yote hakuwahi kuiandika kwa barua ya mtu.

"Haijafika. Iko hapa."

"Inaweza kukaa?"

"Kukaa vipi?"

"Si mambo imeharibika? Wacha iendelee kuharibika."

"Madam, Mkuu anataka zitoke kabla ya saa kumi na moja. Mlango ukifunguliwa, yako pia itatoka."

Ndipo Madam Elsie alipoketi. Alisema yote kwa haraka, akitazama sakafu. Asubuhi alikuwa amepata mwaliko wa Dean, kwa kuwa barua za ndani hazipiti kwa mtu yeyote wa nje na zilifika palepale. Alitafuta jina lake kwenye bango. Alikuwapo Mkuu, alikuwapo mwenyekiti, alikuwapo hata mwenye kukodisha mahema. Msajili, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akilala saa saba akihakiki majina ya wahitimu, hakuwapo. Aliandika barua ya kujiuzulu bila kuvua koti.

"Nilitumia neno 'takataka'," alisema. "Mara mbili. Na nikamwambia mwenyekiti kwamba bodi yake ni kundi la wafugaji wasiojua kusoma."

Kamene alifikiri juu ya Mzee Saning'o, mwenye shahada ya uzamili ya sayansi ya mifugo na ng'ombe mia tatu. Uso wake haukubadilika, ila sikio moja lilipata moto.

Tusimfanye mtakatifu. Kwa sekunde kumi hivi alionja utamu wa jambo lile. Hakuhitaji kufanya baya lolote. Alihitaji tu kutofanya kitu, na saa tisa Madam Elsie angekuwa raia wa kawaida. Alivuta pumzi. Feni ilivuma. Kisha akaona kwamba mikono ya mwanamke yule mkali ilikuwa imefungana kama ya msichana anayengoja kiboko, na utamu ukamtoka mdomoni.

"Barua ni yako," alisema. "Mtumaji akitaka kuirudisha kabla haijatoka, ni haki yake. Lakini mimi sifuti barua ya mtu kwa mdomo. Kwanza naishikilia, haiendi popote." Akaandika amri. "Hiyo imesimama. Sasa niandikie kwa karatasi kwamba wewe umeomba ifutwe, tia sahihi na saa. Nitaweka kwa faili."

"Nikutumie email?"

Walitazamana. Madam Elsie, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya chuo, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaandika karatasi, kwa mwandiko mzuri, akitaja hata kanuni.

Kamene alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kufuta alipokumbuka kitu.

"Madam. Kulikuwa na nakala? Kwa mtu mwingine?"

Madam Elsie alifunika kalamu.

"Nauliza kwa sababu foleni inaonyesha tu wale ambao bado. Aliyepokea hatokei hapa."

"Mkuu," alisema Madam Elsie kwa sauti ndogo. "Nilimwekea Mkuu nakala."

"Basi ya Mkuu ilifika saa mbili na dakika ishirini. Ya ndani haingoji."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Bwana Wanjala alisimama pale, akainua suruali, akamwona msajili wake, akamwona mpokea simu wake, akaona karatasi. Kumbuka kwamba ubao kati ya ofisi zao ulikuwa mwembamba.

"Mama Kamene, mlango umefunguka?"

"Bado, bosi. Najaribu tena saa tisa kasoro."

"Sawa." Hakuondoka. "Madam Elsie, ile barua niliisoma saa nne."

"Bwana Mkuu..."

"Sijaonyesha mtu. Nilikuwa nangoja chai ishuke na hasira ipoe, yako na yangu. Nikajua kama unataka kutoka kweli, hutaandika. Utakuja upige meza mpaka kikombe kianguke. Nimekujua miaka kumi na mmoja."

"Jina langu halipo," alisema Madam Elsie, na sauti ikamtoka vibaya. "Hata mtu wa mahema yupo."

"Lilikuwapo. Mimi niliidhinisha bango nikiliona. Dean ameongeza picha yake baadaye. Wewe uko chini ya sikio lake la kushoto."

Kamene alifungua bango. Walisogea wote watatu. Ukikaza macho, pembeni ya sikio la Dean Mutinda, palikuwa na herufi mbili zimechungulia: "ya." Ndizo zilizobaki za Nalianya.

Madam Elsie aligusa zile herufi mbili kwa kidole.

"Futa barua," alisema.

Kamene alifuta. Karatasi akaipigia pini na kuiweka kwa faili.

"Na zile za Dean?" aliuliza. "Nimeshikilia elfu moja mia saba na nane. Elfu moja mia mbili na themanini ni marudio ya pili na ya tatu. Mia nne ishirini na nane ni watu ambao hawajapata ya kwanza."

"Hao mia nne," alisema Madam Elsie, akirudia sauti yake ya kawaida, ile ya kurasa na vifungu, "watapata bango lililosahihishwa."

"Lakini lisiwe ndani ya barua," alisema Kamene. "Tuliweke kwa tovuti, tutume maneno machache na kiungo. Na ziende kidogo kidogo, usiku na kesho. Hakuna atakayekosa, mahafali ni Jumamosi."

Dean aliitwa tena. Alikubali marudio yafutwe bila ubishi. Kuhusu picha alipigana kwa dakika ishirini. Alisema uso ni chapa. Alisema wanafunzi wa zamani wanamjua kwa uso. Madam Elsie alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama anajua kilicho chini ya sikio lake la kushoto. Dean alijipapasa sikio. Alipoelewa, alitia sahihi kwenye karatasi ya Kamene bila kuisoma.

Barua elfu moja mia saba na nane zilifutwa. Foleni ikashuka hadi themanini na mbili, na chumba kikaonekana kipana zaidi ingawa hakuna kilichohamishwa.

Saa tisa kasoro dakika tano Kamene alisukuma tena ile moja, karatasi za usajili. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake akipumua kwa pua. Kamene alifuatilia kumbukumbu za seva, mstari kwa mstari. Hodi ilipigwa. Upande wa pili ukasalimia. Ukataja jina lake. Ukauliza nani anatuma, kwa nani. Palikuwa na kituo cha sekunde nne ambacho Mkuu alikitumia kumwita Mungu kwa Kibukusu. Kisha 250: imepokelewa.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" aliuliza Mkuu.

"Ni nzuri."

"Una uhakika?"

"Seva yao imeshika bahasha. Kama afisa atafungua ni mambo yake na chai yake. Mpigie simu."

Akapiga. Afisa alikuwa amefungua. Akasema ukurasa wa saba hauna muhuri, na hilo lilikuwa tatizo jingine, la muhuri na wino, ambalo Madam Elsie alilimaliza kwa dakika kumi na mbili.

Zilizobaki Kamene hakuzisukuma. Aliziacha zitoke kwa zamu yao, moja, pumzi, moja, pumzi. Ya mhasibu ilitoka. Ya maktaba ikatoka. Kufikia saa kumi na moja na robo zilikuwa zimebaki kumi na mbili: tisa za masanduku yaliyojaa na tatu za mwenye kuruka herufi. Alimtafuta mtu huyo, akakuta ni pasta wa chuo, akamwandikia kwa ndani anwani iliyo sahihi, bila maneno mengine.

Alipokuwa akifunga mlango, Madam Elsie alipita koridoni na faili kifuani. Alisimama. Ilionekana kama atasema jambo kubwa.

"Ng'ombe wawili hawatoshi," alisema. "Nitamwambia Mzee aongeze mmoja."

"Kwa email?"

"Nitampigia."

Nje upepo wa tambarare ulikuwa umeamka, ukirusha vumbi na mifuko. Kamene alitembea hadi nyumbani, akanunua sukuma wiki na nyanya kwa mama wa kona, akamkuta binti yake Whitney jikoni akikoroga ugali huku anatazama simu.

"Mum, leo kulikuwa na nini huko? Kuna mwalimu wenu ameandika kwa grupu ya wanafunzi wa zamani ati amealikwa mara tatu."

"Mashine ilikuwa polepole," alisema Kamene, akavua viatu, akaketi. "Usiiache hiyo ugali iungue."